Tablo inayojijaza usiku: tunahesabu tarehe gani, na nini inabaki ndani ya ukurasa?

Wandugu, mutu akimaliza lisansi ya agronomia, mara nyingi kazi ya kwanza anayopata ni ankete. Na siku hizi shirika halitaki kungoja ripoti ya mwisho: linataka tablo ambayo koordinateri anafungua kila asubui na kuona kazi imefika wapi. Nilipewa kutengeneza moja, kwa ankete ya mihogo, maharagwe na mifugo midogo upande wa Kalehe. Ilitembea muzuri siku ya kwanza. Shida njo ilianza kisha.

Njia yenyewe si ngumu. Anketeri anajaza formilere ndani ya KoboCollect kwenye simu, hata pasipo rezo. Akipata rezo, anatuma, na serveri ya KoboToolbox inapokea. Usiku, GitHub Actions inaamsha skripti ya R: inachota majibu, inajenga ukurasa na Quarto, inauweka kwenye GitHub Pages. Saa inaandikwa hivi:

```
on:
  schedule:
    - cron: "17 2 * * *"
```

Hii ni saa ya UTC. Kwetu Bukavu tunaongeza mbili, kwa hiyo ni saa kumi na dakika 17 alfajiri. Nilikwepa saa kamili sababu wakati huo watu wengi wanaita mashine zile zile, na kazi inaweza kuchelewa.

Sasa shida. Wiki ya pili, grafiki ilionyesha timu moja ya watu wanne: sifuri siku ya Kwanza, sifuri siku ya Pili, sifuri ya Tatu, kisha formilere 62 siku ya Ine. Koordinateri akakasirika: «Hawa wanalala siku tatu, halafu wanajaza byote chini ya muti siku moja!» Alikuwa tayari kukata pesa yao ya kila siku. Kumbe timu ilikuwa juu kwenye milima, pasipo rezo, na ilitelemuka siku ya soko. Kosa lilikuwa langu: nilihesabu kwa `_submission_time`, ambayo ni wakati serveri ilipokea, tena kwa UTC. Siku ya kazi iko ndani ya `today`, inayoandikwa na simu wakati formilere inafunguliwa. Nilipobadilisha, zile 62 zikajigawa: 16, 15, 17 na 14.

Lakini `today` nayo inafuata saa ya simu, na simu inaweza kudanganya. Ukiona `today` inapita siku ya kutumwa, ama iko mbele ya ankete kuanza, ile simu tarehe yake ni mbaya, pigia anketeri. Na siku tatu za mwisho ninazipaka rangi ya majivu, na kuandika «bado hazijakamilika», ili mutu asihukumu mapema.

Kitu kingine: skripti ikichota nusu tu, tablo itachapisha nusu bila aibu. API inatoa majibu kwa kurasa, na `next` inaonyesha ukurasa unaofuata. Kwa hiyo, baada ya kukusanya zote, mbele ya kujenga:

```
stopifnot(nrow(d) == jibu$count)
```

Hesabu ikikataa, kazi inasimama na ukurasa wa jana unabaki. Njo maana tarehe ya kujazwa iandikwe juu kabisa, herufi kubwa.

Sasa ile iliyonitia woga zaidi. Nilikuwa nimeweka karte ya `leaflet` yenye alama kwa kila nyumba, na tablo ya `DT` ambamo nilificha safu ya majina. Jioni moja nikafungua ukurasa, nikabonyeza Ctrl+U. Byote vilikuwa mule: majina, GPS, hesabu ya mbuzi wa kila nyumba. Kuficha safu kunaificha kwa macho tu. Data yenyewe inasafiri ndani ya HTML mupaka kwa yeyote aliye na anwani. Ninyi munajua mu vijiji vyetu maana yake nini, mutu asiyejulikana kujua nyumba gani iko na mbuzi kumi na mbili, na mulango wake uko wapi.

Niliushusha usiku ule ule. Sasa skripti inatupa majina na GPS mara tu inapochota, inajumlisha kwa grupema, na grupema yenye nyumba chini ya tano haionyeshwi peke yake, inaunganishwa na jirani. Karte inapaka rangi eneo, haiweki alama tena. Faili ghafi haiingii hata kidogo kwenye hazina ya GitHub, na token ya Kobo inakaa ndani ya `secrets`. Kurasa za zamani pia nilizifuta kwenye historia ya Git, sababu kufuta faili ya leo hakuondoi ile ya jana. Koordinateri alilalamika kwamba karte imepoteza uzuri. Nilimwonyesha Ctrl+U kwenye kopi niliyobakiza kwa ordinatere yangu, akatafuta kijiji cha shangazi yake, akanyamaza.