Kampuni haina kitu, mwenyewe anazo: ni lini mahakama hufunua pazia?

Mtu aliyeidai kampuni, akaishtaki na akashinda, kisha dalali wa mahakama akarudi kumwambia kwamba hakuna cha kukamata, huwa na swali moja. Mbona mwenye kampuni yuko pale pale, gari lake liko nje, na nyumba yake ya Kisauni imepakwa rangi mpya? Kwa nini deni lisilipwe kwa mali hiyo?

Jibu la sheria humchoma. Deni ni la kampuni, na mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine kabisa. Msingi huo uliwekwa Uingereza katika kesi ya Aron Salomon, fundi wa viatu vya ngozi jijini London, iliyoamuliwa mwishoni mwa karne ya 19. Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni akiwa na hisa 20,001 kati ya 20,007, na sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na wanawe. Biashara ilipoanguka, wadai walisema kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Baraza la juu kabisa la rufaa lilikataa: kampuni iliyosajiliwa kihalali ni nafsi yake, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja. Kenya tunaufuata msingi huo, na Sheria ya Kampuni ya 2015 imeruhusu hata kampuni ya mwanahisa mmoja peke yake.

Lakini nafsi hiyo ya kisheria ni pazia, na pazia hufunuliwa. Kosa ninaloliona kwa wadai wengi ni kudhani kwamba linafunuliwa kwa sababu kampuni imefukarika. Jaji Aaron Ringera alilimaliza jambo hilo mwaka 2002 katika kesi ya Corporate Insurance dhidi ya Savemax Insurance Brokers. Alisema kampuni kukosa mali, au kushindwa kulipa madeni, hakutoshi kumbebesha mkurugenzi deni lake, kwa kuwa sheria ina njia nyingine kwa kampuni iliyofilisika. Wakili wa mwenye kampuni atakutajia uamuzi huo mapema sana. Hivyo mdai asiende mahakamani kuthibitisha kwamba kampuni haina kitu. Athibitishe mwenyewe aliifanyia nini mpaka ikawa haina kitu, na alifanya lini.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayoweza kutokea kando ya barabara ya Changamwe. Mwenye lori anaifanyia kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Amepeleka kontena Nairobi safari 30, kwa shilingi 80,000 kila safari, na hajalipwa. Deni ni shilingi 2,400,000. Mwezi Machi wakili wake anaandika barua ya madai. Mwezi Aprili kampuni mpya inasajiliwa, jina lake likikaribiana na la ile ya kwanza, na mwanahisa wake ni yule yule pamoja na ndugu yake. Mwezi Mei matrela matatu ya kampuni ya zamani yanahamishwa kwa jina la kampuni mpya. Mwezi Juni wateja wanapewa nambari mpya ya akaunti ya benki, ilhali ofisi, simu na wafanyakazi ni wale wale. Hukumu inatoka Novemba. Dalali anakwenda na kukuta meza na viti.

Ukimsimulia jaji mambo hayo bila tarehe, atasikia malalamiko tu. Ukimpangia kwa miezi, ataona jambo ambalo sheria ina jina lake: ukwepaji. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Prest dhidi ya Petrodel, iliubana vizuri msingi wa kufunua pazia. Jaji Sumption alieleza kwamba pazia hufunuliwa pale mtu ambaye tayari ana wajibu wa kisheria anapoweka kampuni katikati makusudi ili kuukwepa wajibu huo au kuzuia usitekelezwe. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila husomwa na kuzingatiwa. Neno la kushika hapo ni 'tayari'. Kama kampuni ya pili na uhamisho wa matrela vilikuwapo miaka miwili kabla ya safari ya kwanza, hoja ya ukwepaji inalegea sana. Vikifuata wiki chache baada ya barua ya madai, mwenye kampuni ndiye atakayetakiwa kutoa maelezo.

Maelezo hayo huchukuliwa kwa njia maalumu, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 22, kanuni ya 35, zinamruhusu aliyeshinda kesi ya fedha kuiomba mahakama imwite ofisa wa kampuni ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali ya kampuni na watu wanaodaiwa nayo, na alete vitabu na hati. Kabla ya ombi, mdai achukue hati ya CR12 kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen. Hati hiyo inaonyesha wakurugenzi na wanahisa ni nani. Achukue ya kampuni zote mbili, aziweke pamoja na rekodi za umiliki wa magari, kisha aandike kiapo chake.

Siku ya mahojiano, maswali yenye faida ni ya kawaida kabisa. Matrela yaliuzwa kwa bei gani? Fedha ziliingia akaunti ipi? Tuonyeshe taarifa ya benki ya mwezi Mei. Fedha za mteja aliyelipa Februari zilikwenda wapi? Kama matrela yaliuzwa kwa bei ya soko, fedha zikaingia katika akaunti ya kampuni na zikalipa mishahara na kodi, hapo hakuna ulaghai hata kama mwenye lori hakupata senti. Kama hakuna malipo yoyote yanayoonekana, au fedha za kampuni zilikuwa zikihamia kila wiki kwenye simu ya mkurugenzi bila maelezo, kampuni ilikuwa mfuko wake wa pembeni, na pazia linaanza kufunguka. Naye mkurugenzi akiitwa asije, au aje bila vitabu, anajihatarisha mwenyewe. Ziko mahakama zilizoamuru kwamba akikaidi, hukumu itekelezwe dhidi yake binafsi.

Lazima niseme pia yasiyotosha, maana ombi dhaifu humwongezea mdai gharama. Ofisi moja kutumiwa na kampuni mbili hakutoshi peke yake. Mke kuwa na hisa hakutoshi. Mwenye kampuni kuwa tajiri hakutoshi kabisa. Na kuna kampuni zinazoanguka bila hila yoyote. Wasafirishaji wa mizigo wa Mombasa wanajua jinsi reli mpya ilivyowapunguzia kazi ya malori tangu mizigo ya Nairobi ilipoanza kupakiwa kwenye treni mwaka 2018. Kampuni iliyokopa benki kununua matrela, kisha mizigo ikapungua, benki ikachukua magari yake, haijamdanganya mtu. Sheria inamlinda mwanahisa wa kampuni kama hiyo, na mimi naona ni haki. Bila kinga hiyo, ni nani angeweka akiba yake katika biashara asiyoiendesha mwenyewe?

Hata hivyo, kinga ya mwanahisa ina mpaka ambao wengi hawaufikirii. Kampuni ikiingia kwenye ufilisi, mwanahisa ambaye hajalipia hisa zake anadaiwa thamani iliyobaki. Kampuni nyingi ndogo huandikisha hisa za shilingi 100,000 na hakuna anayezilipia kweli. Hapo mfilisi haombi pazia lifunuliwe. Anadai deni la kawaida.

Mfilisi ana silaha nyingine kubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015 anaweza kuiomba mahakama iwaamuru waliokuwa wakiiendesha biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai wachangie mali ya kampuni kutoka mifukoni mwao. Vivyo hivyo mkurugenzi aliyejua, au alipaswa kujua, kwamba hakuna tena matumaini ya kuepuka ufilisi, naye akaendelea kuchukua mali kwa mkopo, anaweza kuamriwa kuchangia hata bila nia ya ulaghai. Kinachomwokoa ni kuonyesha kwamba tangu hapo alichukua kila hatua ya kuwapunguzia wadai hasara. Na ulaghai wenyewe ni jinai: kifungu cha 1002 cha Sheria ya Kampuni kinaweka kifungo cha hadi miaka 10, faini ya hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Jambo la kuangalia ni kwamba fedha zinazorudishwa na mfilisi huingia kwenye chungu cha wadai wote. Mwenye lori wetu atagawana na wengine, na ndiyo maana mdai mmoja hupendelea njia ya Agizo la 22.

Mwenye lori alikuwa na nafasi moja mapema zaidi. Kabla ya safari ya kwanza angeweza kumtaka mkurugenzi asaini dhamana ya kibinafsi. Mwenye dhamana hushtakiwa kwa saini yake, na habari ya pazia haiingii kabisa. Benki hufanya hivyo kila siku.

Lakini wako wanaoidai kampuni bila kuwahi kufanya nayo biashara. Watu wa Owino Uhuru, huko Mikindani kwenye bara la magharibi la Mombasa, hawakuikopesha fedha kampuni ya Metal Refinery EPZ iliyokuwa ikiyeyusha risasi ya betri kuukuu jirani na nyumba zao. Risasi iliingia miilini mwao na mwa watoto wao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi hao, ambao ni takriban 3,000, fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo baada ya Mahakama ya Rufaa kuitengua kwa sehemu. Walioshtakiwa walikuwa kampuni na taasisi za serikali, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA. Wanahisa hawakuwemo, na pazia halikufunuliwa.

Katika kesi za namna hii sioni busara kuweka matumaini yote kwenye pazia. Kiwanda kinaweza kufungwa kwa sababu halali, na ukwepaji hautathibitika. Njia yenye nguvu ni kumuuliza mtu aliye nyuma ya kampuni alifanya nini yeye mwenyewe. Wanavijiji wa Zambia wanaoishi karibu na mgodi wa shaba wa Nchanga waliifuata njia hiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu kuendelea na kesi London dhidi ya Vedanta, kampuni mama, kwa hoja kwamba ilijiingiza katika usimamizi wa mgodi kiasi cha kuweza kuwa na wajibu wake yenyewe kwao. Kwetu, kifungu cha 145 cha sheria ya mazingira kinamgusa mkurugenzi au ofisa aliyejua kosa la kampuni linatendeka asichukue tahadhari ipasavyo. Mwenye kutaka kuitumia njia hiyo aanze kukusanya barua, kumbukumbu za mikutano na majina ya waliotoa amri kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi, na awataje watu hao katika hati ya kwanza ya mashtaka, kwa sababu kumleta mtu binafsi baada ya hukumu ni kazi ngumu mara nyingi zaidi.