Maswali matatu kabla ya kumwita mtu

Mama mmoja jirani yangu ana kibanda cha wakala wa fedha za simu huko Mbagala, Dar es Salaam. Biashara ilipokua akahitaji mtu wa pili wa kukaa dirishani. Akaweka tangazo la mistari miwili kwenye status yake ya WhatsApp, wapangaji wenzake wakalisambaza, na kufikia usiku simu ilikuwa imejaa: "Kazi bado ipo?", "Naomba hiyo nafasi mama", "Mambo". Hakuweza kuwaita watu wote hao. Wenyewe wangeteketeza nauli, naye angefunga dirisha siku nzima. Basi akawatumia wote maswali matatu: Je, wewe ni mwaminifu? Unaijua kazi ya uwakala? Umeolewa?

Majibu yalirudi upesi. Wote waaminifu, wote wanaijua kazi. Akaniletea simu na kuniambia, "Mwanangu, nisaidie, hapa sijui nimchukue nani." Ndipo nilipoona kwamba tatizo lilianzia kwenye maswali yenyewe. Swali la kuchuja lina kazi moja tu, kuwatenganisha watu. Kabla ya kulituma, jiulize: akijibu hivi nitafanya nini, na akijibu vile nitafanya nini? Kama utafanya lile lile, swali hilo halichuji chochote. Hakuna mwombaji atakayeandika kwamba yeye si mwaminifu.

Swali la tatu ndilo lililonisumbua zaidi. Nilipombana, mama alieleza kwamba binti aliyekuwepo awali alikuwa akichelewa kwa sababu ya mtoto, ndiyo maana safari hii alitaka kujua mapema. Lakini wapo wenye watoto wanne ambao hufungua duka alfajiri, na wapo wasio na mtu yeyote wanaoamka saa 3. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama ndoa, ujauzito, majukumu ya familia, dini, kabila na umri, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi, siyo tu aliyekwisha kuajiriwa. Alichotaka mama kilikuwa saa za kazi, basi tukakubaliana aulize saa za kazi.

Tulikaa jioni moja tukaandika upya. Ujumbe wenyewe ulianza kwa jina la kibanda, mahali kilipo, na sentensi moja inayosema kwamba mwombaji hatozwi fedha yoyote. Matapeli wamewaliza vijana wengi kwa kazi hewa zenye "ada ya fomu", kwa hiyo mtu makini ana haki ya kuhofia namba asiyoijua. Kisha yakafuata haya:

"1. Zamu ni mbili, zinabadilishana kila wiki: saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, au saa 7 mchana hadi saa 2 usiku. Ni siku 6 kwa wiki, mshahara sh 400,000 kwa mwezi. Unaweza zamu zote mbili, moja tu (taja ipi), au huwezi?

2. Mara ya mwisho kutunza fedha zisizo zako ilikuwa wapi, na kwa muda gani?

3. Asubuhi una taslimu sh 500,000 na floti sh 500,000. Mteja wa kwanza anatoa sh 200,000. Wa pili anaweka sh 120,000. Kamisheni tusiihesabu. Sasa una taslimu kiasi gani na floti kiasi gani?

Jibu kwa maandishi kabla ya kesho saa 2 usiku."

Swali la kwanza linamruhusu mtu kusema hapana bila aibu. Kuutaja mshahara hapo hapo kunaokoa muda wa pande zote mbili. Anayetafuta zaidi atajitoa mwenyewe kabla hajapanda daladala. Zamu hizo ni saa 42 kwa wiki, chini ya ukomo wa kawaida wa saa 45 uliowekwa na sheria hiyo hiyo. Mama mwanzoni alitaka mtu mmoja akae toka kufungua hadi kufunga. Hizo ni saa 13 kwa siku, na mtu aliyechoka hivyo ndiye anayemtumia mteja fedha kwenye namba isiyo yake.

La pili limechukua nafasi ya "je, wewe ni mwaminifu". Halithibitishi uaminifu, na tusijidanganye, lakini linaleta jambo linaloweza kufuatiliwa. Pia halimfungii nje asiyewahi kukaa kwenye kibanda cha wakala. Mwekahazina wa kikoba, kondakta anayepeleka hesabu kila jioni, binti aliyeuza duka la shangazi yake miaka miwili, wote wana cha kusema.

Nililipenda zaidi la tatu, kwa kuwa ni kipande cha kazi yenyewe. Mteja akitoa fedha, wakala anampa noti na floti inaongezeka: taslimu inabaki 300,000, floti inakuwa 700,000. Mwingine akiweka 120,000, taslimu inapanda hadi 420,000 na floti inashuka hadi 580,000. Jumla ni 1,000,000 ile ile. Anayeandika taslimu 580,000 na floti 420,000 amegeuza mwelekeo. Jumla yake ni sahihi, hivyo huenda anafundishika haraka. Lakini anayepunguza kote kote, akapata jumla isiyofika milioni, bado hajaona kwamba fedha ya wakala inahama tu kutoka droo kwenda kwenye simu na kurudi. Huyo akifunga hesabu jioni na pakapungua, hatajua pa kuanzia kutafuta.

Namna ya kutuma nayo ina mitego. Mama alitaka kufungua kundi moja la waombaji wote, nikamzuia, maana kila mmoja angeziona namba za wenzake na kunakili jibu la wa kwanza. Orodha ya matangazo nayo haikufaa, kwani ujumbe wake huwafikia tu waliohifadhi namba yako. Tuliuhifadhi ujumbe kama jibu la haraka kwenye WhatsApp Business, ukatumwa kwa mmoja mmoja. Hatukuomba picha ya kitambulisho cha NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria hiyo, vitambulisho vya watu ambao hutawaajiri havina sababu ya kukaa kwenye simu yako. Wala hatukuhesabu nani kajibu kwanza. Aliyejibu baada ya dakika tatu alikuwa na bando; aliyejibu asubuhi pengine alisubiri umeme urudi. Tahajia za "xaxa" na "cjui" tuliziacha zipite.

Majibu tuliyaandika kwenye daftari, mtu kwa mstari wake, tukiwa tumeshaamua jibu gani linapita kabla hatujasoma hata moja. Bila hivyo unajikuta unampitisha yule aliyekuamkia vizuri.

Bado kulikuwa na hatari kwamba mtu amejibiwa na kaka yake. Kwa hiyo mama aliwapigia simu watano waliobaki na kuwapa swali la tatu kwa tarakimu nyingine: taslimu 300,000, floti 400,000, mteja anaweka 150,000, mwingine anatoa 250,000. Wawili walikwama. Mmoja alisema, "Mama, ngoja nichukue kalamu," akanyamaza kidogo, kisha akatoa taslimu 200,000 na floti 500,000, na akaongeza bila kuulizwa kwamba taslimu hiyo ni ndogo, angeomba aongezewe kabla ya foleni ya jioni. Alikuwa mwekahazina wa kikoba, na hajawahi kukaa kwenye kibanda cha wakala. Aliitwa kesho yake, saa 4 asubuhi.