Machozi Stendi: Namna ya Kumkaribia Usiyemjua Bila Kumwingilia

Kila stendi kubwa ya mabasi ina mtu wake anayelia. Leo ni mama aliyekalia begi lake, simu mkononi, mtandio umeloa. Kesho ni kijana aliyeinamisha kofia hadi puani, mabega yakitikisika. Abiria wanapita, wapiga debe wanapita, mama lishe anatupa jicho na kurudi kwenye sufuria lake. Karibu wote wamemwona. Wengi wamemhurumia. Ila anaendelea kulia peke yake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilichunguza jambo hili kwa jaribio ambalo bado linasomwa vyuoni. Wanafunzi walikaa kila mmoja chumbani kwake, wakazungumza kupitia vipaza sauti, kisha wakasikia sauti ya mwenzao ikikatikakatika kana kwamba ameshikwa na kifafa. Waliodhani ni wao pekee waliosikia walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakoma kwa asilimia 85. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia walitoka kwa asilimia 31 tu. Hawakuwa na roho mbaya, walitegeana. Stendi yenye watu elfu ni mahali pa kutegeana kuliko pengine popote.

Ipo na hofu nyingine, nayo ni ya adabu. Mtu anajiuliza: nikimsemesha nitaonekana mmbea? Nikiwa mwanaume, nitadhaniwa namtongoza? Na aliyezoea habari za matapeli wa mjini anajua kwamba hata yule anayelia anaweza kumwogopa anayemsogelea kwa upole kupita kiasi. Hofu hizi zina msingi. Ndiyo maana wanaofundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia hawaanzi na maneno ya kufariji. Wanaanza na namna ya kusogea.

Shirika la Afya Duniani, pamoja na War Trauma Foundation na World Vision, lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma hiyo, uliokusudiwa wasaidizi wa kawaida wasio wataalamu wa afya ya akili. Umejengwa juu ya hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Uliandikwa kwa ajili ya majanga, kama vita, mafuriko na ajali, lakini mantiki yake inatosha kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi la stendi au nje ya wodi.

Kuangalia huchukua nusu dakika na hufanyika kabla ya kusema lolote. Je, mahali penyewe ni salama, au mtu amesimama karibu na barabara? Ana jeraha? Yuko na mtu, labda ndugu amekwenda kununua maji? Kuna mtu anayemtisha hapo karibu? Mwanamke anayelia huku mwanaume amemshika mkono kwa nguvu hahitaji mtu mmoja wa kumsogelea kwa upole. Anahitaji watu kadhaa na mlinzi. Na mtu aliyejitenga nyuma ya nguzo, uso ukutani, huenda amechagua faragha, hivyo kumsogelea kwake kuwe kwa hadhari zaidi.

Kisha kusogea kwenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na maisha ya kila siku. Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, alfajiri. Mama wa makamo analia kwenye benchi. Dada mmoja anayesubiri basi la Iringa anamwona. Hamwendei kwa nyuma, kwa kuwa mtu mwenye majonzi hushtuka upesi. Anapita mbele ili aonekane, kisha anakaa ubavuni pake, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kukaa ubavuni kunampa yule mama nafasi ya kutotazamana naye, na njia ya kuinuka na kuondoka inabaki wazi.

Sentensi ya kwanza ni salamu, maana salamu haimdai mtu siri yoyote. "Shikamoo mama. Pole." Halafu jambo dogo linaloweza kukubaliwa au kukataliwa kwa kichwa tu: "Nikuletee maji?" Tofauti yake na "Una nini?" ni kubwa. "Una nini?" inamlazimisha mtu kutunga maelezo mbele ya asiyemjua wakati koo limembana, tena huku majirani wa benchi wametega masikio. Maji yanahitaji ndiyo au hapana, na hapana yake haimvunjii heshima mtu yeyote.

Ni kama kupiga hodi: anayebisha anabaki nje hadi akaribishwe, na asipoitikiwa anaondoka bila kinyongo. Mama akitikisa kichwa kukataa, dada anasema, "Sawa mama, mimi nipo hapo, basi langu bado," kisha anasogea kando kweli. Haulizi mara ya pili kwa sauti ya kubembeleza. Wapo wanaokataa mwanzoni na dakika kumi baadaye wakageuza uso kumtafuta yule aliyewauliza. Wapo wasiogeuka kabisa. Kwa vyovyote, mama amejua kwamba ameonekana na kwamba hatasumbuliwa.

Tuseme amekubali maji. Sasa linakuja jambo gumu kuliko yote, yaani kunyamaza. Dada anampa chupa ambayo haijafunguliwa, ili asiwe na shaka na kilichomo, kisha hasemi kitu. Baada ya kitambo anaweza kuongeza, "Ukitaka kuzungumza nitakusikiliza. Usipotaka, tukae tu." Mama anaeleza kidogo kidogo: mama yake mzazi amefariki Tukuyu usiku, naye amefika stendi basi limeshaondoka.

Hapa ndipo wema wengi huharibu. Mdomo unawahi kusema "Jikaze mama", "Usilie", "Kazi ya Mungu haina makosa", au kusimulia msiba wa msemaji mwenyewe. Imani inaweza kuwa faraja kuu, lakini anayepaswa kuitaja kwanza ni mfiwa. Mwongozo wa 2011 unaonya hasa dhidi ya kumshinikiza mtu aeleze yaliyomkuta, kumwambia anavyopaswa kujisikia, kutoa ahadi za uongo, na kumgusa bila kuwa na hakika kwamba kumgusa kunafaa. Dada anajibu tu, "Pole sana mama. Na basi nalo limekuacha." Ameyarudia aliyoyasikia kwa maneno machache, na mama anajua amesikika.

Kuunganisha ndiko kunakomaliza kazi. Mwenye majonzi mazito hushindwa kupanga mambo mepesi, kwa hiyo msaada wenye manufaa mara nyingi ni wa vitendo, tena mdogo. "Nani wa nyumbani tumpigie?" Simu inabaki mkononi mwa mama mwenyewe, dada haishiki wala hagusi pochi. Wanakwenda pamoja kwa wakala kuuliza kama tiketi inaweza kuhamishiwa basi linalofuata. Dada halipi wala hapokei pesa yoyote, maana pesa kati ya watu wasiojuana huzaa mashaka haraka. Basi la Iringa likiita, haondoki kimyakimya: anamwambia wakala kwamba mama huyu ana msiba na anasubiri gari la Mbeya, anamuaga, basi. Haombi namba ya simu. Msaada wa stendi una mwisho, na mwisho uliotamkwa haumwachi mtu na hisia ya kutelekezwa.

Mwanaume anayemwona msichana analia anaweza kufanya yote haya kwa njia fupi zaidi: amwombe mama lishe au abiria wa kike aende, au abaki amesimama hatua mbili, mahali palipo wazi, aulize swali moja na kusikia jibu. Kwa mtoto aliyepotea, mwongozo ni kubaki naye palepale alipoonekana, mbele ya watu, na kumwita mtu mzima mwingine. Kumbeba au kumhamisha kunawapoteza wanaomtafuta na kumtia msaidizi matatani.

Lipo tukio moja ambapo upole wa kuzunguka hautoshi: mtu anapoonekana kuwa katika hatari ya kujidhuru. Januari 2008, jijini London, kijana wa miaka 20, Jonny Benjamin, alikuwa kwenye ukingo wa Daraja la Waterloo. Neil Laybourn, mpita njia aliyekuwa akienda kazini, alisimama. Hakumrukia wala kumkemea. Alizungumza naye, akamwambia kwamba atapona, akamwalika wakanywe kahawa. Walizungumza hadi polisi wakafika, na Benjamin akaokoka. Mwaka 2014 Benjamin, aliyekuwa amelisahau jina la mtu yule, alianzisha kampeni ya kumtafuta mtandaoni na akampata. Tangu hapo wawili hao wamezungumza hadharani pamoja kuhusu afya ya akili.

Kutoka mwaka 2017, shirika la Samaritans, polisi wa usafiri na Network Rail walianza nchini Uingereza kampeni ya kuwahimiza abiria wa treni kuvunja ukimya wa namna hiyo kwa swali la kawaida tu, kama vile treni inayofuata inakwenda wapi. Swali dogo hukatiza mawazo yaliyomzingira mtu. Likishajibiwa, na dalili bado ni mbaya, inafaa kuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampa nafuu. Akisema ndiyo, haachwi peke yake hata kwa dakika moja hadi ndugu, mhudumu wa afya au mwokoaji afike.

Afrika Mashariki ina kizuizi cha ziada. Sheria ya Tanzania, katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, imekuwa ikilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 chenye maudhui hayohayo, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mtu aliyeelemewa anaweza kuogopa kusema ukweli kwa kuhofia pingu. Maneno kama "Twende hospitali, nitakusindikiza" yanamfungulia njia kuliko "Nitakuitia polisi", ingawa hatari ikiwa mbele ya macho, yeyote aliye karibu anayeweza kuokoa aitwe.

Msomaji anayesafiri ana namba mbili za kuhifadhi kwenye simu kabla ya safari. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya. Nchini Kenya, 1195 ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia; Tanzania, kwa jambo hilohilo, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.