Je, Wajua? Futi 11,000 za Kitale si za Bungoma

Ndege ya mafunzo ikienda polepole mno huku pua imeinuliwa, mabawa huishiwa nguvu ya kuinua. Rubani akikanyaga pedali ya kushoto wakati huo, bawa la kushoto huanguka kwanza na ndege hushuka ikizunguka kama pia.

Ili kujinasua, kwanza punguza injini hadi mwisho, maana nguvu yake huinua pua. Rudisha usukani katikati: ukiukata kulia ili kuinua bawa lililoanguka, unalizamisha zaidi. Kisha kanyaga pedali ya kulia hadi mwisho kuzuia mzunguko, na papo hapo usukume usukani mbele mabawa yashike hewa tena. Hatua hii ndiyo ngumu, kwani ardhi imejaa kioo chote na mikono inataka kuvuta. Mzunguko ukikoma, legeza pedali, uvute taratibu.

Sesna 172 hupoteza takriban futi 1,000 kwa mzunguko mmoja hadi kunyooka, na kitabu chake kinataka zibaki futi 4,000 chini yako. Kitale iko takriban futi 6,000 juu ya bahari, hivyo zoezi lianzie 11,000. Kwa Bungoma, iliyo karibu 4,600, hutosha 9,600.