Nundu ya Kamba Inapofika Mwisho

Funga kamba kwenye nguzo, ikaze, kisha itikise mara moja kwenda juu. Nundu itakimbia hadi kwenye nguzo na kurudi imepinduka, kwa sababu kamba inapoivuta nguzo juu, nguzo isiyosogea huivuta kamba chini kwa nguvu ileile.

Ichore kwenye karatasi ya miraba: nundu ya pembetatu yenye kimo cha sm 4 ikielekea kwenye nguzo. Nyuma ya nguzo chora pacha wake wa kufikirika, aliyepinduka, akija kwa kasi ileile. Upande wa kamba, jumlisha vimo kila mahali. Vilele vikikutana kwenye nguzo, 4 na −4 hutoa sifuri: kamba yote imenyooka! Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Nundu haijafa, nishati yake imo kwenye mwendo wa kamba, inayoshuka kwa kasi, na mara inatokeza upande wa chini.

Sasa funga mwisho huo kwenye pete nyepesi inayoteleza kwenye fimbo laini iliyosimama wima. Pacha hapinduki, hivyo pete hupanda sm 8, na nundu hurudi ikiwa juu. Pete ikiwa nzito au ikikwamakwama, haitafika sm 8.