Sukari Inapopanda Katikati ya Mimba

Akina mama wengi wanaokuja kliniki hutuambia, "Dada, mimi sina kisukari. Nilipimwa mkojo, ukawa safi." Kwa mama mwenye mimba jibu hilo halitoshi, na hapa tutaeleza sababu yake.

Tuanze na kondo la nyuma. Kazi yake siyo tu kumpelekea mtoto chakula, bali hutengeneza pia homoni zinazoingia katika damu ya mama. Homoni hizo huufanya mwili wa mama usiisikie vizuri insulini, ile dawa ya asili inayotoka kwenye kongosho na kuifungulia sukari mlango wa kuingia mwilini. Hilo si ugonjwa. Mwili wa mama unajinyima kidogo ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate sehemu yake.

Kadiri kondo linavyokua, ndivyo homoni zinavyoongezeka, hasa baada ya nusu ya mimba. Kongosho la mama wengi hujibu kwa kutoa insulini zaidi, na sukari hubaki mahali pake. Likishindwa kwenda na mwendo huo, sukari hupanda, na ndicho kisukari cha mimba. Sukari ya mama huvuka kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Basi mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe, nyingi, naye hunenepa kupita kiasi, hasa mabegani. Hapo ndipo tunapokutana na kichwa kilichotoka na bega lililokwama. Na mtoto huyo akishazaliwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo anyonyeshwe mapema na apimwe.

Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa vijijini Tanzania ulioonyesha kuwa sukari ya wajawazito haikupanda kwa mimba. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa nchini ulikuta kisukari cha mimba kwa wajawazito wapatao 8 katika kila 100 mjini, na mmoja tu katika 100 kijijini. Kwa hiyo mama wa Muze anayelima mpunga bondeni hana sababu ya kuogopa sana. Lakini asijihesabu amepona, hasa akiwa mnene, akiwa na ndugu wa damu mwenye kisukari, au akiwa amewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi.

Kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati homoni zimekwisha kupata nguvu. Mama hulala bila kula kwa saa 8 au zaidi, maji anaruhusiwa. Asubuhi damu hupimwa, kisha hunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji, akaimaliza ndani ya dakika 5. Damu hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Muda wote huo akae kitako. Akitapika, kipimo kimeharibika, arudi siku nyingine. Mahali wanapotumia mashine ndogo ya kidole, anawe mikono kwanza, maana utomvu wa embe kidoleni hutoa jibu la uongo.

Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya wiki 26, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa na kilo 4.3. Mkojo wake hauna sukari. Kabla ya kunywa glukosi damu yake ni 4.7, baada ya saa moja ni 10.6, na baada ya saa mbili ni 8.0. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni 5.1, 10.0 na 8.5 kwa mfuatano huo, na namba moja tu ikifikia au kuvuka mpaka inatosha. Mama huyu anacho kisukari cha mimba, ingawa mkojo na damu ya asubuhi havikumwonyesha. Mkojo hudanganya pande zote mbili: wajawazito wengine hutoa sukari kwenye mkojo hali damu yao ni nzuri.

Anayetoka Muze kwenda kupimwa Sumbawanga ni vema apande mlima siku moja kabla, alale kwa ndugu. Safari ya alfajiri na njaa, kisha saa mbili za kusubiri, ni mzigo mkubwa kwa mjamzito. Kabla ya kuondoka amwulize mkunga wake kama kituo cha karibu hakina glukosi na mashine.

Wengi hutulia kwa kupunguza kipimo cha wali na ugali, kuacha soda na chai ya sukari, na kutembea baada ya kula. Wasiotulia hupewa dawa, mara nyingi insulini. Kondo likishatoka, homoni zake hutoweka haraka na sukari kwa kawaida hushuka. Hata hivyo kipimo hicho cha glukosi kirudiwe kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwa kuwa kongosho lililoelemewa mara moja linaweza kuelemewa tena miaka ya mbele, hata bila mimba.