Dakika moja, maneno 30: jinsi ya kusimulia filamu ya wanyamapori

Sisi watu wa redio tunaogopa ukimya. Mtangazaji akinyamaza sekunde tano tu, simu zinaanza kuingia: "Vipi, mmekatika?" Ndiyo maana mtu wa redio akipewa kazi ya kusimulia filamu ya wanyamapori, kosa lake la kwanza huwa lile lile. Anaongea tangu mwanzo hadi mwisho.

Redioni msikilizaji haoni kitu, kwa hiyo tunamchorea kila jambo kwa maneno. Kwenye filamu picha inajieleza yenyewe, na mtazamaji ana macho. Kazi ya msimulizi ni kusema kile ambacho jicho haliwezi kukiona, kisha kukaa pembeni.

Hebu tuchukue mfano mmoja na tuufuate hatua kwa hatua. Tuna picha ya dakika moja ya nyumbu wakivuka Mto Mara, ambao unatoka Kenya na kupita kaskazini mwa Serengeti, Tanzania. Sekunde 12 za kwanza nyumbu wamejaa ukingoni. Mmoja anasogea hadi kwenye maji, anarudi nyuma. Kuanzia sekunde ya 12 wa kwanza anaruka, na wengine wanamfuata kwa vishindo. Sekunde ya 40 tunaona mizoga iliyokwama kwenye mawe. Kumi za mwisho ni ndama aliyefika ng'ambo, peke yake, akiita.

Msimulizi mgeni ataandika hivi: "Maelfu ya nyumbu majasiri wamefika kwenye mto wa kifo! Kiongozi wao anaruka majini! Maji yanaruka huku na kule, wanakanyagana, na mamba wenye njaa wanawasubiri!" Na ataendelea hivyo dakika nzima.

Tuyapime maneno hayo. "Maji yanaruka, wanakanyagana" tunayaona wenyewe, hayana kazi. "Majasiri" ni sifa ya kibinadamu, na hakuna aliyeupima ujasiri wa nyumbu. "Kiongozi" si kweli. Kundi la nyumbu wanaohama halina kiongozi maalumu. Mmoja akiingia majini, walio nyuma yake hufuata, na wanaosukumwa kutoka nyuma hawana pa kurudi. Na hao mamba hawamo kwenye picha hii hata kidogo.

Suala la mamba lina uzito wake, kwa sababu hapo ndipo filamu nyingi hupotosha. Ukizitazama utadhani hatari kubwa ya mto huu ni meno ya mamba. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka 2001 hadi 2015 walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Walikadiria kuwa kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama katika Mto Mara kila mwaka. Mamba hula sehemu ndogo tu ya mizoga hiyo. Tai na korongo hula nyingine, samaki nao hupata riziki, na mifupa huendelea kurutubisha maji kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo habari ambayo macho hayawezi kuiona. Inastahili sentensi.

Sasa tuandike upya. Kwa usomaji wa utulivu, Kiswahili huchukua takriban maneno mawili kwa sekunde. Dakika nzima ingebeba maneno 120. Sisi tutatumia 30.

Sekunde ya 4: "Wamesimama ukingoni tangu alfajiri. Ng'ambo kuna nyasi." Basi. Ila neno "alfajiri" tunaliandika tu ikiwa mpiga picha alikuwepo alfajiri na akaandika saa kwenye daftari lake. Kama alifika saa nne asubuhi, neno hilo linatoka.

Kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 40 hatusemi kitu. Ni sekunde 28 za kwato, maji na milio. Hapa mhariri atashawishika kuweka ngoma au muziki wa kutisha. Tunamwomba asiweke, maana muziki nao ni msimulizi: unamwamuru mtazamaji aogope kabla hajaamua mwenyewe.

Sekunde ya 41, picha ikiwa kwenye mizoga: "Kila mwaka maelfu huzama katika mto huu. Mamba hula sehemu ndogo tu ya mizoga yao." Tumesema "maelfu" badala ya 6,250, kwa kuwa tarakimu ndefu hupita sikioni bila kukaa. Tena sentensi inaanza baada ya mizoga kuonekana. Neno likitangulia picha, mtazamaji anajua kitakachotokea na haangalii tena kwa makini.

Sekunde ya 51: "Ndama huyu alizaliwa kusini, mwanzoni mwa mwaka." Nyumbu wa Serengeti huzaa karibu wote kwa wakati mmoja, kwenye mbuga za kusini, katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa hiyo hilo tunalijua. Kisha neno moja: "Anaita." Hatusemi "analia kwa uchungu," wala "hatamwona mama yake tena." Kamera ilizimwa baada ya hapo. Huenda mama alitokea dakika mbili baadaye. Sekunde nne za mwisho tunamwachia ndama sauti yake.

Mtu anaweza kuuliza: neno moja la chumvi lina hasara gani? Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya wanyama wa nchi za baridi iitwayo White Wilderness. Ndani yake walionekana lemingi, wanyama wadogo jamii ya panya, wakidondoka kutoka kwenye genge hadi majini, na msimulizi akieleza safari yao ya kujitupa baharini. Filamu ilipata tuzo ya Oska. Baadaye waandishi wa habari wa Kanada walifichua kwamba tukio lile lilipangwa. Lilipigwa picha Alberta, jimbo lisilo na bahari, na wanyama waliletwa kutoka mbali wakasukumwa na watu. Lemingi hawajiui. Lakini hadi leo wapo watu wazima wanaoamini kuwa hujiua, kwa sababu sauti yenye heshima iliwaambia hivyo.

Kwa hiyo ukipigiwa filamu ya wanyama kwenye simu, au kama kijana wako ameanza kurekodi tembo wanaopita jirani na shamba, kuna majaribio mawili ya bure. La kwanza, fumba macho usikilize. Ukielewa kila kitu bila kuona, hiyo ni redio iliyobandikwa kwenye picha, maneno yamezidi. La pili, ondoa sauti utazame. Kisha jiulize kila sentensi imetoka wapi: imeonekana, imeandikwa na aliyekuwepo, au imethibitishwa na watafiti? Isiyokuwa na mojawapo ya hayo matatu, ifute.

Nafasi itakayobaki wazi usiijaze. Nyumbu ana mlio wake, na mto una sauti yake.